Muuguzi Atafute Kazi Wapi? Namna ya Kulitambua Jukwaa la Ajira Linaloifaa Taaluma

Mwaka jana alifika ofisini kwetu mama mmoja akiwa na bahasha ya kaki. Ndani yake mlikuwa na nakala za vyeti vya bintiye, muuguzi mwenye stashahada, pamoja na ujumbe wa malipo ya simu ulioandikwa kwa mkono ili usipotee. Kwa muda wa miezi minane binti huyo alikuwa amejiandikisha katika tovuti saba za ajira na kutuma maombi karibu kila juma. Hakuitwa hata mara moja. Katikati ya kukata tamaa, familia ilimlipa shilingi 450,000 mtu aliyejitambulisha kuwa wakala wa hospitali za Uingereza. Baada ya malipo ya tatu, simu ya mtu huyo haikupatikana tena.

Tulimwomba binti aje mwenyewe tuzungumze. Tulipomuuliza kama amefungua akaunti katika mfumo wa ajira za serikali, alijibu kuwa aliifungua lakini hakumaliza kuijaza. Tulipomuuliza kama amepeleka barua katika hospitali ya misheni iliyo mwendo wa saa moja kutoka kwao, alisema: “Hao sijawahi kuwaona wakitangaza mtandaoni.” Hapo tukafahamu kwamba tatizo lake halikuwa uvivu wala upungufu wa elimu. Alikuwa akiitafuta kazi ya uuguzi mahali ambapo waajiri wa wauguzi hupita kwa nadra.

Kwa kuwa familia nyingi katika parokia zetu zina kijana aliyehitimu chuo cha afya na bado yuko nyumbani, tumeona vema kueleza jambo hili kwa utaratibu. Tumezungumza na wauguzi wakuu na wale wanaoshughulika na ajira katika vituo vya afya, tukaweka pamoja yale tuliyojifunza. Mfano wetu ni muuguzi wa Tanzania. Mwishoni tutasema kwa kifupi namna swali hilohilo linavyompa jibu jingine mhandisi na fundi umeme.

Leseni hutangulia tangazo

Kuna kazi ambazo mwajiri humpokea mtu kwa kuona alichokwisha kufanya. Fundi wa samani huonyesha picha za vitanda na makabati, na mteja huridhika. Uuguzi hauko hivyo. Chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, mtu haruhusiwi kuhudumia wagonjwa kama muuguzi pasipo kutambuliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania na kuwa na leseni iliyo hai. Kwa hiyo, kabla mwajiri halali hajauliza juu ya uzoefu, tabia au lugha, huuliza kwanza kama leseni ipo, ni ya ngazi gani, na kama haijaisha muda wake.

Kutokana na ukweli huo tunapata kipimo cha kwanza cha jukwaa lolote la ajira: je, linauliza habari za usajili na leseni? Jukwaa lililoandaliwa kwa ajili ya kazi za aina zote humtaka muuguzi ajaze yale yale anayojaza mwuza bidhaa au karani: miaka ya uzoefu, programu za kompyuta anazozijua, mshahara anaoutarajia. Hayo si mabaya, lakini hayamsaidii mwajiri wa hospitali kuchuja waombaji. Mwajiri makini huliona hilo, naye hutafuta njia nyingine ya kutangaza.

Kipimo cha pili ni swali la nani hasa huwaajiri wauguzi. Hapa nchini waajiri hao ni wa makundi matatu: serikali pamoja na halmashauri zake, taasisi za dini, na hospitali za watu binafsi. Kila kundi lina mlango wake wa kupokelea maombi. Mtafuta kazi wengi hukosea kwa kuanza na jukwaa, kisha wakasubiri mwajiri ajitokeze humo. Utaratibu ulio sahihi ni kumtambua mwajiri kwanza, kisha kuuliza yeye hutangaza wapi.

Mlango wa serikali

Kwa ajira za serikali njia kuu ni mfumo wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, unaopatikana kwa anuani ya portal.ajira.go.tz na kujulikana na wengi kwa jina la Ajira Portal. Kujiandikisha humo hakuna malipo. Ni lazima mwombaji awe na namba ya kitambulisho cha taifa, kisha ajaze maelezo yake binafsi, elimu yake kuanzia kidato cha nne, sifa za kitaaluma na wadhamini, na kupakia vyeti.

Hapo kwenye kupakia ndipo wengi huangukia. Matangazo ya Sekretarieti husema wazi kwamba hati za matokeo za muda na taarifa ya matokeo peke yake hazipokelewi. Kinachotakiwa ni cheti chenyewe, na nakala iwe imethibitishwa na mwanasheria au wakili. Barua ya maombi nayo hutakiwa kuwa na saini. Kijana anayepakia barua aliyoiandika kwenye simu bila kuitia saini huenda akaondolewa kwenye mchujo huku akiamini kwamba ameonewa.

Jambo la pili ni majina. Ikiwa cheti cha kuzaliwa kina jina moja, cheti cha kidato cha nne kina jingine, na leseni ya Baraza ina herufi tofauti, mfumo na wachujaji hawawezi kujua kama huyo ni mtu mmoja. Dawa yake ni hati ya kisheria ya kubadili au kusahihisha jina, nayo huchukua muda. Asiyeitafuta mapema huitafuta siku mbili kabla ya mwisho wa kupokea maombi, na huwa amechelewa.

Jambo la tatu ni kada. Tangazo la serikali halisemi tu kwamba wanatafutwa wauguzi. Hutaja Muuguzi Daraja la II kwa mwenye cheti, Afisa Muuguzi Msaidizi Daraja la II kwa mwenye stashahada, na Afisa Muuguzi Daraja la II kwa mwenye shahada. Mwenye stashahada akiomba nafasi ya shahada kwa matumaini kwamba atafikiriwa, ombi lake halitafika mbali. Vivyo hivyo, mwenye shahada ambaye hajakamilisha mwaka wake wa mafunzo kwa vitendo asome tangazo kwa makini, kwa maana nafasi hizo huhitaji aliyekwisha kumaliza mafunzo hayo na kupata usajili kamili.

Tahadhari moja zaidi ni ya lazima. Kwa miaka kadhaa ajira za kada ya afya katika halmashauri zilipitia mfumo wa Ofisi ya Rais, TAMISEMI, wenye anuani ya ajira.tamisemi.go.tz, na Wizara ya Afya nayo imewahi kupokea maombi kwa mfumo wake yenyewe. Kwa sababu hiyo muuguzi asidhani kwamba njia iliyotumika mwaka fulani ndiyo itakayotumika mwaka unaofuata. Tangazo lenyewe ndilo hutaja mfumo wa kutumia. Alama ya kuitambua anuani ya serikali ni kwamba huishia na .go.tz. Kiungo kinachosema ni cha ajira za serikali lakini kinaishia kwa namna nyingine kisijazwe taarifa zozote, hata kama kimetumwa na rafiki.

Baada ya maombi huja usaili: kwanza mtihani wa mchujo wa kuandika, kisha, kwa waliofaulu, usaili wa vitendo au mahojiano. Waliofaulu lakini nafasi zikawa zimejaa huweza kuhifadhiwa kwa muda katika kanzidata na kupangiwa kazi nafasi nyingine inapotokea. Hivyo mtu aliyefaulu usaili asibadilishe namba ya simu ovyo, wala asiisahau nywila ya akaunti yake.

Hospitali za Kanisa na mbao zake za matangazo

Mlango wa pili ndio binti yule hakuujua, ingawa aliupita kila Dominika. Taasisi za dini zinamiliki sehemu kubwa ya hospitali za nchi hii. Bugando kule Mwanza, Sengerema, na Mtakatifu Fransisko kule Ifakara ni chache tu kati ya zile zenye asili ya Kikatoliki. KCMC ya Moshi ina asili ya Kilutheri. Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii, CSSC, iliyoundwa mwaka 1992 na Baraza la Maaskofu Katoliki pamoja na Jumuiya ya Kikristo Tanzania, huratibu huduma hizi kitaifa, lakini ajira ya muuguzi katika hospitali ya jimbo kwa kawaida huamuliwa na hospitali yenyewe na mmiliki wake.

Hospitali kubwa za rufaa huweka matangazo katika tovuti zake. Hospitali za wilaya na vituo vya afya vya misheni mara nyingi hubandika tangazo kwenye ubao wa hospitali, hulipeleka kwa ofisi ya afya ya jimbo, na pengine husomwa parokiani. Si ukale. Kituo kinachohitaji wauguzi wawili kikitangaza katika tovuti ya taifa zima kitapokea mamia ya maombi, nacho kina katibu mmoja wa kuyasoma. Tena kinamtafuta mtu atakayekubali kuishi hapo. Tangazo la karibu humfikia mtu wa karibu.

Kwa muuguzi, maana yake ni kwamba katika mlango huu jukwaa ni barua na miguu yake mwenyewe. Aandike barua kwa mganga mfawidhi wa hospitali, nakala kwa muuguzi mkuu, akitaja kada yake, namba ya leseni na tarehe ya mwisho wa leseni hiyo katika aya ya kwanza. Aambatishe nakala za vyeti, na ataje wodi alizofanyia mazoezi. Muuguzi mkuu mmoja alitueleza kwamba barua za namna hiyo huziweka katika jalada maalumu, na mtumishi anapoondoka ghafula, jalada hilo hufunguliwa kabla ya tangazo lolote kuandikwa.

Inafaa pia kuuliza mapema ni nani atakayekuwa mwajiri. Katika hospitali za misheni zilizoteuliwa kuwa hospitali za wilaya, na katika nyingine zenye mkataba na serikali, watumishi wengine huajiriwa na serikali na kupangiwa humo, na wengine huajiriwa na hospitali kwa mapato yake. Wawili hao huweza kufanya kazi wodi moja huku mishahara, mikataba na mifuko yao ya hifadhi ikitofautiana: wa serikali huchangia PSSSF, wa hospitali huchangia NSSF. Si aibu kuliuliza jambo hili kabla ya kusaini. Kazi ya mkataba wa mwaka mmoja katika hospitali ya misheni haimzuii mtu kuendelea kuomba serikalini, naye huwa anapata uzoefu na kuihuisha leseni yake akiwa kazini.

Tovuti za kazi zote: zipimwe kabla ya kuaminiwa

Hatusemi kwamba tovuti za jumla za ajira hazina faida. Hospitali binafsi za mijini, mashirika yanayoendesha miradi ya afya, kampuni za bima na viwanda vyenye zahanati huzitumia, na baadhi yao hutangaza pia katika LinkedIn. Lakini mtu asipozipima atapoteza siku zake nyingi. Tulimshauri binti yule afanye jaribio dogo kwa daftari na kalamu. Kwa siku kumi na nne alifungua tovuti moja aliyoipenda kuliko zote, akaandika kila tangazo la uuguzi alilolikuta, na mbele ya kila tangazo akajibu maswali matatu: Je, mwajiri ametajwa kwa jina? Je, leseni ya Baraza imetajwa? Je, tangazo la asili linaonekana mahali pa mwajiri mwenyewe?

Mwisho wa siku hizo alikuwa na matangazo 31. Kati ya hayo, 19 yalikuwa nakala za matangazo ya mfumo wa serikali au ya hospitali kubwa, ambayo angeweza kuyasoma kwenye chanzo chake. Matangazo 6 yalikuwa yamekwisha muda. Mengine 4 hayakutaja mwajiri, yakitoa namba ya WhatsApp peke yake. Yaliyobaki, yaani 2, yalikuwa ya hospitali binafsi zilizotajwa majina, zikitaka leseni, na hayakupatikana kwingine kwa urahisi.

Hesabu hiyo ndogo ilimfundisha matumizi halisi ya tovuti ile. Haikuwa mahali pa kutumia maombi, ila kengele ya kumwambia kwamba kuna tangazo jipya mahali fulani. Aliacha kuifungua kila siku, akaweka arifa ya barua pepe kwa neno “nurse” na jingine kwa neno “muuguzi”, kwa kuwa hospitali binafsi nyingi hutangaza kwa Kiingereza. Kila arifa inapofika, hulitafuta tangazo la asili na kuomba huko. Tofauti ni kubwa, kwa sababu aliyenakili tangazo huweza kukosea tarehe, kuacha sharti muhimu, au kuongeza kiungo chake mwenyewe cha kukusanyia taarifa za watu.

Yale manne yasiyotaja mwajiri hakuyajibu. Hospitali halali haina sababu ya kuficha jina lake kwa muuguzi, maana hata mgonjwa analisoma langoni. Asiyetaja jina lakini anataka nakala ya kitambulisho cha taifa na vyeti vyote anakusanya mali ya mtu.

Kazi ya nje ya nchi

Tunafika sasa mahali familia ile ilipojeruhiwa. Wauguzi wa Afrika Mashariki husikia habari za Uingereza na nchi za Ghuba kila siku, na hakuna dhambi kutamani kwenda. Lakini kila nchi ina baraza lake la uuguzi, na hakuna jukwaa linaloweza kumrukisha mtu juu ya baraza hilo.

Tuitazame Uingereza peke yake. Baraza la huko, linalojulikana kwa herufi NMC, humtaka muuguzi wa nje athibitishe usajili wake wa nyumbani. Humtaka pia aonyeshe ujuzi wa Kiingereza: kwa mtihani wa IELTS wa kitaaluma ni alama 7 kwa jumla, huku kuandika kukiruhusiwa kuwa 6.5, mtihani wa OET pia hukubaliwa. Kisha kuna mtihani wa kompyuta, ambao hufanyika hata nje ya Uingereza, na mwisho mtihani wa vitendo, ambao hufanyika Uingereza kwenyewe. Nafasi za hospitali za umma za Uingereza na Welisi hutangazwa katika tovuti ya NHS Jobs, yenye anuani ya jobs.nhs.uk, na kuomba humo ni bure. Kila tangazo hutaja hospitali, mshahara, mtu wa kuulizwa, na kama mwajiri yuko tayari kumdhamini mgeni kwa viza.

Kuna jambo ambalo laiti familia ile ingalilijua, isingalitoa hata shilingi. Shirika la Afya Duniani lina orodha ya nchi zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya. Katika toleo la mwaka 2023 orodha hiyo ilikuwa na nchi 55, na Tanzania ilikuwa miongoni mwao. Serikali ya Uingereza huifuata orodha hiyo katika kanuni zake za maadili ya ajira. Waajiri wa huduma za afya na mawakala wao hawatakiwi kwenda kuwasaka watumishi katika nchi zilizomo, isipokuwa pawe na makubaliano kati ya serikali na serikali. Makusudi yake ni kwamba nchi tajiri zisikaushe wodi za nchi zenye uhaba.

Kanuni hiyo haimfungii muuguzi mlango. Mtanzania aliyeliona tangazo kwa juhudi zake mwenyewe na kumwandikia mwajiri moja kwa moja anaruhusiwa kufikiriwa. Kinachokatazwa ni wakala kuja kumtafuta. Kwa hiyo mtu anayepita vijijini, au katika makundi ya WhatsApp, akisema ametumwa na hospitali za Uingereza kukusanya wauguzi wa Tanzania, anajitangaza mwenyewe kwamba ama hafuati kanuni za nchi anayodai kuiwakilisha, ama hana uhusiano wowote na hospitali hizo. Kipimo hiki hakihitaji elimu ya sheria. Kinahitaji kuuliza tu nani amemwendea nani.

Kipimo cha pili ni fedha. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unaweka msingi kwamba wakala binafsi wa ajira asimtoze mfanyakazi ada. Ni kweli kwamba muuguzi atakuwa na gharama zake: mitihani ya lugha, ada za baraza, pasipoti. Lakini gharama hizo hulipwa kwa taasisi husika katika tovuti yake, na risiti hutoka kwa jina la taasisi hiyo. Hazipiti katika simu ya mtu binafsi. Malipo ya “kuhifadhi nafasi” hayapo katika utaratibu wowote halali tuliousikia.

Tena, mtu asichanganye uuguzi na kazi ya ulezi wa wazee. Ujumbe mwingi unaowafikia wauguzi huahidi kazi ya ulezi Uingereza kama hatua ya kuingilia. Tangu tarehe 22 Julai 2025 Uingereza imefunga njia ya viza kwa walezi wapya wanaoajiriwa kutoka nje ya nchi. Anayeiuza njia hiyo leo anauza mlango uliokwisha kufungwa.

Mpango wa juma moja

Binti yule aliondoka kwetu na karatasi moja. Tunaieleza hapa kwa kuwa inaweza kumfaa mwingine aliye katika hali kama yake.

Siku mbili za kwanza zilikuwa za Baraza na vyeti. Aliangalia tarehe ya leseni yake, akakuta imebakiza miezi mitatu, akaanza mara moja kufuatilia kuihuisha. Alilinganisha majina katika vyeti vyote, akagundua kwamba jina la babu liliandikwa kwa “l” mahali pamoja na kwa “r” mahali pengine. Alienda kwa wakili kwa ajili ya hati ya jina, na wakati uleule akathibitisha nakala zote.

Siku ya tatu alikamilisha akaunti yake katika mfumo wa serikali, pasipo kungoja tangazo. Tangazo hukaa wazi kwa siku chache, na siku za mwisho mtandao huelemewa na wengi wanaojaza kwa pamoja. Aliyemaliza kujaza mapema hubakiwa na kazi ya kuchagua nafasi na kupakia barua.

Siku ya nne na ya tano aliandika barua tano kwa hospitali na vituo vya misheni vinavyofikika kutoka kwao, akazipeleka tatu kwa mkono. Siku ya sita aliweka zile arifa mbili za barua pepe na kufuta akaunti zake katika tovuti nyingine sita, kwa maana kila akaunti iliyoachwa ni nakala ya kitambulisho iliyoachwa mezani kwa watu asiowajua. Suala la Uingereza aliliweka kando mpaka atakapokuwa na uzoefu na ameujaribu mtihani wa lugha.

Baada ya majuma saba aliitwa na kituo kimoja cha afya cha misheni kwa mkataba wa mwaka mmoja. Mshahara wake si mkubwa, na bado anangoja usaili wa serikali. Zile shilingi 450,000 hazikurudi; polisi walifungua jalada, na hapo ndipo jambo lilipofikia. Mama yake alituambia kwamba kinachomuuma zaidi ya fedha ni ile miezi minane.

Kwa mhandisi na fundi umeme

Taaluma ikibadilika, swali hubaki lilelile na jibu huhama. Mhandisi naye ana bodi yake, Bodi ya Usajili wa Wahandisi, lakini anapohitimu chuo huwa bado hajafikia ngazi ya mhandisi mtaalamu. Huhitaji kwanza kufanya kazi chini ya mhandisi aliyesajiliwa, na Bodi ina mpango wa mafunzo ya vitendo kwa wahitimu, unaojulikana kama SEAP. Kwake yeye jukwaa bora la kuanzia ni lile linalompatia msimamizi. Tangazo lenye mshahara mnono katika kampuni isiyo na mhandisi mwingine yeyote huweza kumchelewesha kitaaluma. Baadaye, akishasajiliwa, LinkedIn humfaa kuliko inavyomfaa muuguzi, kwa sababu wakandarasi na washauri wa miradi hutafuta watu humo kwa aina ya kazi walizofanya.

Fundi umeme aliyetoka VETA ana leseni ya kutafuta EWURA, yenye madaraja kulingana na ukubwa wa kazi anayoruhusiwa kuifanya. Lakini waajiri wake wengi ni wenye nyumba na wakandarasi wadogo, ambao hawaandiki matangazo kabisa. Kwake namba ya simu iliyo mikononi mwa wauza vifaa vya umeme wa mtaa, pamoja na leseni anayoweza kuionyesha, hushinda tovuti yoyote. Akitaka ajira ya kudumu katika shirika la umma atarudi kwenye mfumo uleule wa Sekretarieti ya Ajira, na masharti ya vyeti na majina yatakuwa yaleyale.

Basi mzazi au kijana anayesoma makala haya achukue karatasi na kuandika mambo matatu kabla ya kufungua tovuti yoyote: ni bodi au baraza gani linalotoa leseni ya taaluma hii, ni nani watano walio karibu wanaoajiri watu wenye leseni hiyo, na kila mmoja wao aliwapataje watumishi wake wa mwisho. Swali la tatu halijibiwi na mtandao. Hujibiwa na muuguzi, mhandisi au fundi aliyekwisha kuajiriwa pale, na mara nyingi mtu huyo anakaa benchi la pili kanisani.